Si Kila Tundu la HDMI Lina Uwezo Sawa

Runinga nyingi za kisasa zina matundu matatu au manne ya HDMI yanayofanana kwa umbo, lakini huenda ni mawili tu yanayopokea picha za 4K kwa kasi ya picha 120 kwa sekunde. Mengine huishia picha 60. Mtumiaji anayechomeka mashine ya michezo kwenye tundu lisilofaa ataona picha safi, na kwa hiyo hatatambua kwamba sehemu ya uwezo alioulipia haitumiki.

Ili kulitambua tundu lenye uwezo kamili, anza kwa kusoma maandishi yaliyo kando ya kila tundu. Alama ya 4K 120Hz ndiyo inayotafutwa. Alama ya ARC au eARC huonyesha jambo jingine: tundu hilo hurudisha sauti ya runinga kwenye spika za nje. Pasipo na alama, tazama jedwali la matundu katika kitabu cha maelekezo. Usitosheke na maneno “HDMI 2.1” kwenye boksi, kwa sababu kiwango hicho hakimlazimishi mtengenezaji kuweka kila uwezo katika kila tundu.

Chukua mfano wa Sony X90J ya mwaka 2021. Ina matundu manne. La tatu na la nne ndiyo yanayopokea 4K kwa picha 120, na la tatu ndilo pia lenye eARC. Mwenye spika za nje na PlayStation 5 ataunganisha spika kwenye la tatu na mashine kwenye la nne. Akiwa na mashine mbili za namna hiyo pamoja na spika, moja italazimika kutumia tundu lenye uwezo mdogo.

Kuchomeka pekee hakutoshi. Katika mipangilio ya runinga hiyo, fungua HDMI signal format, kisha uchague Enhanced format kwa tundu husika. Runinga nyingine huliita jambo hili kwa majina mengine, na mara nyingi huliacha likiwa limezimwa.

Mwisho, hakiki. Kwenye PlayStation 5, fungua Settings, kisha Screen and Video, halafu Video Output Information. Ukurasa huo huonyesha viwango vinavyopokelewa na runinga kupitia tundu unalolitumia. Ikiwa 120Hz haimo kwenye mstari wa 3840 x 2160, hamishia waya kwenye tundu jingine, urekebishe mpangilio wake, kisha utazame tena. Ikiwa bado haionekani, kagua waya: unaofaa huwa umeandikwa Ultra High Speed.

Kabla ya kununua, hesabu vifaa vyako vinavyohitaji kasi hiyo, kisha mwombe muuzaji akuonyeshe jedwali la matundu.