Alishinda Nani Si Swali la Kwanza: Kuifupisha Hukumu kwa Ajili ya Msaidizi wa Kisheria

Kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ni miongoni mwa zinazotajwa zaidi Tanzania panapozungumzwa mgawanyo wa mali za ndoa. Mahakama ya Rufani iliiamua mwaka 1983, na aliyeandika hukumu ni Jaji Mkuu Francis Nyalali. Ni rahisi kuisimulia kwa sentensi moja: mama wa nyumbani alikwenda mahakamani, kazi zake za nyumbani zikatambuliwa, akapewa sehemu ya nyumba. Nusu ya kwanza ya sentensi hiyo ni kweli. Nusu ya pili si kweli, kwa sababu mke huyo alitoka mikono mitupu na rufani yake ikatupwa.

Msaidizi wa kisheria anayeibeba sentensi hiyo hadi kijijini atamwambia mama aliyeachika kwamba nusu ya nyumba ni yake. Anayesikia tu kwamba mke alishindwa atamwambia mama huyohuyo arudi kwao, hana haki. Wote wawili wamempotosha, na wote wawili wamepotezwa na swali lilelile: alishinda nani? Anachohitaji msaidizi ni sababu iliyoifikisha mahakama kwenye jibu lake, kwa kuwa sababu ndiyo itakayotumika kwa mtu mwingine mwenye mkasa tofauti.

Msaidizi wa kisheria si wakili. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inamtambua kama mtoa elimu na mwelekezaji kwa wananchi, na mara nyingi anachokijua kuhusu hukumu amekisikia kwenye mafunzo. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, lakini hukumu nyingi za zamani, hii ikiwamo, ziko kwa Kiingereza. Kwa hiyo anayefupisha ana kazi mbili kwa pamoja: kuipunguza hukumu, na kuitengeneza iweze kushikwa na sikio.

Hatua ya kwanza ni kusoma mwisho wa hukumu kabla ya mwanzo. Pale ndipo palipo amri: rufani imekubaliwa au imetupwa, nani apewe nini. Ukishaijua amri, rudi nyuma utafute suala, yaani swali la kisheria ambalo mahakama ililazimika kulijibu. Katika kesi hii mume alinunua nyumba kwa fedha zake wakati wa ndoa, na mke hakuchangia fedha. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali zilizopatikana kwa nguvu za pamoja, ikiangalia mchango wa kila mmoja katika fedha, mali au kazi. Je, kupika, kufua, kulea na kutunza nyumba ni kazi ya aina hiyo?

Hatua ya pili ni kutenganisha sababu na simulizi. Majaji husimulia mengi: historia ya ndoa, hoja za kila upande, kesi nyingine zilizotangulia. Ili kujua kipi kibaki, lifiche jambo moja kisha ujiulize kama jibu la suala lingebadilika. Fedha za nani zilinunua nyumba? Hilo libaki, maana bila hilo hakuna ugomvi. Wanandoa walifunga ndoa mwaka gani? Liondoke. Mahakama Kuu iliwahi kugawanyika, baadhi ya majaji wakisoma maneno ya sheria kwa wembamba na wengine kwa upana? Hilo libaki kwa sentensi moja, maana linaeleza kwa nini Mahakama ya Rufani ilibidi iamue. Kuchagua kati ya njia hizo mbili, mahakama iliuliza Sheria ya Ndoa ilitungwa kuondoa kero gani. Ikajibu kuwa kero hiyo ilikuwa kunyonywa na kukandamizwa kwa wanawake walioolewa. Kusoma maneno kwa wembamba kungeiacha kero palepale. Hapo ndipo penye sababu.

Hatua ya tatu ni kuandika kwa ajili ya sikio. Msomaji anaweza kurudi mstari wa juu, msikilizaji hawezi. Kwa hiyo maneno kama mrufani na mjibu rufani yaachwe. Sema mke, sema mume, tangu mwanzo hadi mwisho. Swali litangulie jibu, na jibu litangulie sababu. Namba za vifungu zipungue hadi moja. Dakika mbili za kusema polepole zinatosha. Hivi ndivyo inavyoweza kusikika:

“Mke na mume waliachana. Wakati wa ndoa, mume alinunua nyumba kwa fedha zake. Mke hakuweka fedha, lakini alitunza nyumba na familia. Akaomba sehemu, na mahakama za chini zikamkatalia. Swali likawa: kazi za nyumbani ni mchango wa kupata mali ya ndoa, au si mchango? Mahakama ya Rufani ikasema ni mchango. Kwa nini? Kwa sababu sheria ya ndoa ilikuja kuondoa uonevu dhidi ya wake, na ukiziacha kazi za nyumbani nje, uonevu unabaki. Hata hivyo, mke huyu hakupata kitu. Mume alikuwa amempa fedha za mradi wa familia, naye akazitumia kwa mambo mengine. Mahakama ikaona sehemu yake ameshaimaliza. Basi shikeni mawili: kazi za nyumbani zinahesabika, kiasi gani mtu apate, inategemea ushahidi wa kesi yake.”

Sentensi inayoanza na “hata hivyo” ndiyo wafupishaji wengi hushawishika kuikata, kwa kuwa inaharibu utamu wa ushindi. Ikikatwa, kanuni inageuka ahadi. Na ile ya mwisho imewekwa mwisho kwa makusudi, maana kilichosemwa mwisho ndicho kinachokaa.

Hatua ya nne ni kupima. Usimuulize msikilizaji kama ameelewa, atasema ndiyo. Mwambie akusimulie, kisha mpe mkasa mpya. Tuseme mama mmoja ameishi na mumewe miaka kumi, amelima shamba la chakula na kulea watoto, na mume amejenga nyumba mbili kwa mshahara. Msaidizi akijibu, “Atapata nusu,” muhtasari umevuja. Ni kweli kifungu cha 114 kinaitaka mahakama ielekee kwenye usawa, lakini baada ya kupima michango, madeni ya familia, mahitaji ya watoto na mila za jamii yao. Akijibu, “Hapati, hakutoa fedha,” sababu haikufika kabisa. Jibu zuri linaanza na maswali: nyumba zilijengwa ndani ya ndoa? Nani anaweza kueleza alichokuwa akifanya? Kuna mali nyingine ambayo mmoja wao alikwisha kuichukua?

Muhtasari pia unahitaji kufuatiliwa, kwa sababu mahakama huendelea kuongea. Katika Gabriel Nimrod Kurwijila dhidi ya Theresia Hassani Malongo, Mahakama ya Rufani ilisisitiza kwamba kiwango cha mchango ni suala la ushahidi: anayedai lazima athibitishe. Kwa msaidizi wa kijijini, huo ni wajibu wa kuanza mapema. Kabla mama hajafika mahakamani, wakae pamoja waorodheshe mali ipi ilipatikana lini, risiti na hati zipo wapi, na jirani au ndugu gani yuko tayari kusimama aseme alichokiona kwa macho yake.