Macho Yanayotutazama Usingizini

Mama mmoja mwanakikundi, mkaazi wa upande wa Kuresoi, alitueleza ndoto ambayo humrudia mara kwa mara. Yuko shambani kwake, na mahindi yamempita kimo. Hakuna mtu. Hata hivyo anajua kwamba katikati ya mahindi kuna macho yanamtazama. Hayaoni, bali anayasikia mgongoni kama baridi. Akitaka kukimbia, miguu haitoki. Huamka saa nane au saa tisa usiku amelowa jasho, na usingizi haumrudii tena mpaka jogoo awike.

"Na si usiku peke yake," alituambia. "Hata mchana nikichota maji nasikia natazamwa."

Mama huyu ana historia. Mwaka wa 1992, akiwa msichana wa miaka 12, nyumba ya wazazi wake ilichomwa wakati wa vita vya kikabila. Januari 2008 nyumba yake mwenyewe ilichomwa, akakimbia na watoto watatu. Tulipomtembelea ilikuwa miezi michache kabla ya uchaguzi wa 2022. Alikuwa analala na viatu miguuni, panga chini ya kitanda. Katika mikutano ya kikundi aliketi mahali ambapo mgongo unagusa ukuta na macho yanaona mlango. Mbwa akibweka tu, ameshasimama.

Jambo lililotushtua ni hili. Alikuwa ameamua kwamba macho yale ni ya jirani yake, mjane mzee anayeishi peke yake. Wanakikundi wengine walianza kukubaliana naye, na kulikuwa na maneno ya kumtoa yule mzee kijijini. Ndugu zetu, tunajua maneno kama hayo huishia wapi. Mwezi wa Oktoba 2021 huko Marani, Kisii, wanawake wazee wanne waliuawa na umati kwa kusingiziwa uchawi. Ndiyo maana tuliona ni lazima tueleze macho haya hutoka wapi.

Mwili wa binadamu una mlinzi wake. Ukisikia hatari, moyo hupiga mbio, misuli hukaza, na masikio hushika hata sauti ndogo. Hatari ikipita, mlinzi hupumzika. Lakini mtu akishambuliwa mara mbili, au akiishi mahali ambapo anaweza kushambuliwa wakati wowote, mlinzi huyu hujifunza kutopumzika. Huanza kuona ishara pale ambapo hakuna. Majani yakitikisika ni mtu. Jirani akinyamaza ana njama.

Usiku mlinzi huyu halali vizuri. Ndoto nyingi zenye nguvu huja katika nusu ya pili ya usiku, na ndiyo sababu mama yule huamka saa nane au saa tisa. Kazi aliyofanya mchana kutwa, ya kuchunguza ni nani anamtazama, huendelea ndotoni. Kwa hiyo macho yale si ya mjane. Ni hofu yake mwenyewe ambayo bado iko zamu.

Na ile miguu isiyosogea? Tunapoota ndoto za namna hiyo, mwili hulegezwa ili tusiinuke na kufanya yale tunayoota. Wakati mwingine akili huamka kabla ya mwili kufunguliwa. Mtu hufungua macho, hawezi kusogea wala kupiga kelele, na anasikia kuna kiumbe chumbani. Wazee wetu waliita hali hii jinamizi. Huchukua sekunde chache au dakika kadhaa, halafu huisha yenyewe. Huwapata zaidi watu waliokosa usingizi, na wanaolala chali. Likikupata usipigane nalo. Jaribu kutikisa kidole kimoja tu cha mguu au cha mkono, na utoe pumzi polepole.

Sasa, tulifanya nini? Hatukumwambia mama aache kuogopa. Mahali penye hatari ya kweli, kukaa macho ni busara. Shida ni mtu mmoja kubeba ulinzi wote peke yake, usiku na mchana. Basi kikundi kiliketi na wazee wa Nyumba Kumi, chifu akajulishwa, na boma 12 zikagawana zamu. Kila usiku watu wawili hukaa macho tangu saa tatu hadi saa saba, na wengine wawili tangu saa saba hadi saa kumi na moja. Kila boma hutoa mtu mmoja mara moja kwa siku tatu. Wakipokezana zamu, wanapiga filimbi moja ndefu, maana yake ni shwari. Filimbi tatu fupi maana yake amkeni. Mama alipokuwa si zamu yake, ile filimbi ndefu ya saa saba ilimwambia kwamba kuna mwingine aliye macho.

Jambo la pili lilihusu ndoto yenyewe. Mchana, si usiku, alimsimulia rafiki yake ndoto ile, kisha akachagua mwisho mwingine. Katika mwisho mpya anageuka, anaita, na kutoka katika mahindi wanatokea wanakikundi wenzake wakiwa na majembe. Kila siku alikaa dakika 10 akiupitia mwisho huo akilini, kama mtu anayejifunza wimbo. Alifanya hivyo majuma kadhaa. Akiamka usiku, aliweka nyayo sakafuni, akawasha taa, na kutaja kwa sauti vitu vitano anavyoviona: sufuria, mlango, blanketi, kiti, ndoo. Hivyo mwili hujua uko wapi leo, si mwaka wa 2008.

Baada ya mwezi mmoja na nusu, ndoto iliyokuwa ikija karibu kila usiku ilikuja mara moja kwa juma. Haijaisha kabisa. Lakini alivua viatu akilala. Na yule mjane? Tulipomuuliza, alisema yeye pia halali. Usiku huchungulia dirishani, kwa sababu anaogopa kama wengine. Kumbe wawili hawa walikuwa wakiogopana kila mmoja ndani ya nyumba yake! Siku hizi mjane ndiye anayechemsha chai ya walinzi.

Tahadhari mbili. Kwanza, pombe humlaza mtu haraka, lakini humvunjia usingizi nusu ya pili ya usiku, wakati ule ule wa ndoto mbaya. Miraa na chai ya rangi jioni nazo humzidishia mlinzi ukali. Pili, kuna wale ambao njia hizi hazitoshi. Ikiwa zaidi ya mwezi umepita tangu tukio, na mtu bado anaruka kwa kila sauti, anakwepa njia ya shamba lake, anawapiga watoto kwa hasira isiyo na sababu au anasema heri afe, msimwache peke yake. Mpelekeni kituo cha afya, na mmoja wenu aingie naye kwa daktari kueleza, kwa maana wengi wakifika huko husema kichwa tu kinauma. Ugonjwa huu unajulikana na una matibabu.

Maswali ya kujadili kikundini:

1. Katika kijiji chetu, ni nani asiyelala usiku, na anamlinda nani?
2. Kuna mtu tunayemshuku kwa sababu ya ndoto? Tumewahi kumuuliza yeye analalaje?
3. Boma zetu zikigawana zamu, kila mmoja atapata usiku mingapi ya kulala?