Tarakimu Nne Zinazozeesha Makala

Anayetaka kuanza kulima vitunguu huandika kwenye Google "jinsi ya kulima vitunguu". Tuseme kati ya majibu anayoletewa limo lenye kichwa "Kilimo Bora cha Vitunguu 2021: Mbinu Mpya". Huenda akaliruka bila hata kulifungua. Ndani yake kuna maelezo ambayo bado yana kazi: kusia mbegu kitaluni, kuhamishia miche shambani baada ya wiki sita hivi, kupalilia, na kuacha kumwagilia shingo za vitunguu zinapoanza kulala. Kilichochakaa ni mwaka tu.

Wenye tovuti huuweka mwaka kwa sababu unavutia ungali mpya. Ukishapita, makala ambayo ingesomwa miaka kumi huonekana imeisha muda wake. Dawa ni kuandika upya kichwa na muhtasari bila kutaja mwaka, lakini kwanza mwenye makala ahakikishe kwamba ugonjwa ni huo.

Hilo hupimwa kwenye Search Console, huduma ya bure ya Google kwa wenye tovuti. Huhifadhi takwimu za miezi 16, kwa hiyo miezi mitatu ya karibuni inaweza kulinganishwa na miezi ileile ya mwaka uliopita. Kwa makala ya kilimo ulinganisho huo ndio wa haki, kwa kuwa maswali ya wakulima hupanda na kushuka na misimu.

Tuseme makala yetu ya vitunguu ilionekana kwa watafutaji mara 4,000 mwaka jana ikafunguliwa mara 240, na mwaka huu imeonekana mara 3,900 ikafunguliwa mara 90. Nafasi yake ya wastani ilikuwa 4.2, sasa ni 4.3. Google haijaishusha, watu wanaiona na kuipita. Hapo kichwa ndicho cha kushukiwa kwanza. Lakini kama nafasi ingekuwa imeporomoka kutoka 4 hadi 15, shaka ingehamia kwenye makala yenyewe: pengine wengine wameeleza vizuri zaidi, au bei na dawa zilizotajwa zimepitwa na wakati. Kufuta mwaka peke yake kusingeirudisha juu.

Kabla ya kuandika upya, mhariri hufungua orodha ya Queries, yaani maneno ambayo watu waliandika hadi wakaiona makala. Akikuta wengi wanauliza kuhusu kitalu, nafasi ya kupandia na muda wa kuvuna, hayo ndiyo maneno ya kujaza pengo lililoachwa na mwaka:

```html
<title>Kilimo cha Vitunguu: Kuanzia Kitaluni Hadi Kuvuna</title>
<meta name="description" content="Namna ya kusia mbegu, kuhamisha miche, kumwagilia na kujua kitunguu kimekomaa.">
```

Mistari hiyo miwili haifanyi kazi moja. Kichwa huisaidia Google kujua makala inahusu nini, na humvuta msomaji. Muhtasari hauhesabiwi katika kupanga nafasi. Kazi yake ni kumshawishi mtu afungue, na mara nyingi Google huuacha ikachukua sentensi nyingine ndani ya makala.

Kosa la kawaida ni kubadilisha `<title>` na kusahau kichwa kikubwa kinachosomeka juu ya makala. Google ikiona viwili hivyo havipatani, inaweza kuchagua chochote kati yake, na 2021 ikarudi. Anwani ya makala ni suala jingine: hata kama ina mwaka, mara nyingi ni heri ibaki ilivyo. Ikibadilishwa, ya zamani lazima ielekezwe kwenye mpya kwa 301, la sivyo wanaofuata viungo vya zamani watagonga ukuta.

Tarehe nayo isisogezwe mbele kama ndani hakuna kilichobadilika. Miongozo ya Google inataja wazi mtindo huo wa kuifanya makala ionekane mpya kuwa dalili mbaya. Bei ya mbegu, kwa upande wake, inahitaji mwaka wake palepale inapotajwa ndani ya makala, ili msomaji ajue ni ya lini.

Zipo pia makala ambazo hazistahili kuguswa. Anayetafuta matokeo ya kidato cha nne anataka ya mwaka fulani, na kichwa kisicho na mwaka kingempoteza.

Mabadiliko yakishawekwa, mhariri huandika tarehe pembeni, huingiza anwani kwenye URL Inspection na kubonyeza Request indexing. Kisha huiacha makala kwa wiki kadhaa bila kuongeza badiliko jingine, ili takwimu zikibadilika iwe rahisi kujua sababu. Kipimo ni kilekile: kwa nafasi ileile, je, wanaofungua kati ya kila mia wameongezeka?