Usaili wa afisa mauzo: hesabu za ruti na igizo la dukani

Msaili wa kazi ya mauzo huanza kuchimba pale tu mwombaji anaposema kwamba aliongeza mauzo. Yaliongezeka kutoka wapi hadi wapi, kwa muda gani, na kwa sababu ipi? Tarakimu moja isiyo na majibu hayo haimsaidii mwombaji, hata ikiwa kubwa.

Tuchukue mfano wa kubuni wa afisa aliyekuwa akisambaza sabuni kwenye maduka ya rejareja Temeke. Alipokabidhiwa ruti, ilikuwa ikiingiza shilingi milioni 20 kwa mwezi. Miezi sita baadaye ikafika milioni 24, yaani ongezeko la asilimia 20. Akiishia hapo, amesema nusu ya habari. Mwanzoni maduka 80 yalikuwa yakinunua, kila moja kwa wastani wa shilingi 250,000. Mwishoni yalinunua maduka 100, kwa wastani wa 240,000. Sasa inaonekana kwamba kazi yake ilikuwa kufungua maduka mapya, na kwamba wastani ulishuka kwa kuwa mapya mengi ni madogo. Mwombaji anayeutaja ushuko huo kabla hajaulizwa huaminika zaidi, maana msaili mzoefu angeugundua mwenyewe kwa kugawanya tu.

Kuna maswali mawili ambayo huwaangusha wengi. La kwanza ni la msimu. Bidhaa kama sukari na unga wa ngano huchangamka Ramadhani ikikaribia, kwa hiyo mwezi huo haulinganishwi na uliotangulia. Hulinganishwa na Ramadhani ya mwaka uliopita. La pili ni la fedha iliyoingia kweli. Mauzo ya milioni 24 ambayo milioni 5 kati yake bado ziko kwa wenye maduka waliochukua mzigo kwa mali kauli ni habari nyingine kabisa, na mwajiri aliyewahi kuumizwa na madeni ya namna hiyo atauliza. Pale ambapo takwimu ni siri ya mwajiri wa zamani, asilimia na idadi ya maduka hutosha. Anayetoa orodha ya wateja wa kampuni aliyotoka anamwonyesha mwajiri mpya atakavyotendewa naye siku moja.

Baada ya hesabu huja igizo. Msaili hujifanya mwenye duka, na mwombaji hupewa dakika chache amuuzie sabuni. Kosa la kawaida ni kuanza kuisifu: harufu yake, povu lake, ubora wake. Mwenye duka haogi katoni nzima. Anataka kujua itatoka haraka kiasi gani na itamwachia nini. Kwa hiyo baada ya salamu mwombaji huuliza: “Bosi, sabuni unayouza sasa inatoka katoni ngapi kwa wiki?” Akijibiwa tatu, anauliza bei ya kununulia na ya kuuzia. Tuseme katoni ya vipande 24 hununuliwa kwa shilingi 24,000, na kila kipande huuzwa 1,200. Faida ni 4,800 kwa katoni.

Ndipo msaili anapotoa pingamizi alilolipanga: “Yako ni 26,400, ghali mno.” Mwombaji dhaifu hupunguza bei papo hapo, kosa ambalo wasaili wengi hulitegea makusudi, kwa kuwa afisa wa namna hiyo atamaliza faida ya kampuni ruti nzima. Aliyesikiliza hurudi kwenye hesabu ya duka lenyewe: kipande kikiuzwa 1,400, katoni inaleta 33,600, na faida ni 7,200. Lakini faida hiyo ipo tu kama mzigo haujadoda. Kwa hiyo si busara kudai kwamba sabuni mpya itaiondoa ya zamani. Ombi linaloaminika ni dogo: “Hizo tatu endelea nazo. Nikuletee katoni moja Jumanne, nipite Jumanne inayofuata tuone vimebaki vipande vingapi?”

Swali hilo la mwisho ndilo husahaulika zaidi. Wapo wanaoongea vizuri dakika zote walizopewa na kuondoka bila kuomba oda. Wengine, kwa kutafuta ndiyo ya haraka, huahidi kwamba mzigo usiotoka utarudishwa, bila kujua kama kampuni inaruhusu. Akibanwa hapo, mwombaji anaweza kusema kwamba atamuuliza msimamizi wake na kumpigia mwenye duka jioni.

Baadhi ya wasaili hukatiza igizo, hutaja kosa moja na kutaka lirudiwe. Hapo wanaangalia kama mwombaji anabadilisha kile alichoambiwa. Aliyekosolewa kwa kuongea sana, kisha akarudia maneno yaleyale kwa sauti kubwa zaidi, hupata alama chache kuliko aliyenyamaza kidogo na kumwacha mwenye duka amalize malalamiko yake, hata kama oda yenyewe haikupatikana.