Je, Ni Utani au Dhihaka?

"Usikasirike, dada, nilikuwa nakutania tu!" Ni akina mama wangapi wameambiwa maneno hayo huku machozi yakiwalengalenga? Na wangapi wamenuna siku nzima kwa neno lililosemwa kwa upendo? Mara nyingi tunakosea kwa sababu tunalipima neno lenyewe, na kumbe neno moja laweza kuwa utani kinywani mwa huyu na dhihaka kinywani mwa yule.

Tuchukue mfano. Mama wa Kipare ameolewa Uchagani. Kama tujuavyo, Wachaga na Wapare ni watani: Mpare husemwa kuwa bahili na mpenda kesi, na Mchaga husemwa kuwa mpenda fedha. Ni Krismasi, ukoo umekusanyika, na mama huyo anapakua nyama. Shemeji yake, mdogo wa mumewe, anapaza sauti: "Jamani, hesabuni vipande! Huyu Mpare kesho atatushtaki mahakamani!" Anayavuta maneno, anainua nyusi, kisha anamtazama usoni na kungoja. Mama anajibu: "Nani atamshtaki Mchaga? Hata akifa, mkidondosha sarafu atafufuka!" Wote wanaangua kicheko, na shemeji ndiye anayecheka kuliko wote.

Baadaye, jikoni, wifi yake anatazama sahani na kusema, "Mpare ni Mpare tu." Wenzake wanacheka kidogo. Mama anahisi moyo umechomwa. Je, anajidekeza? Utani si uleule?

Tuanze na sauti. Shemeji alitia chumvi mpaka ikawa wazi kwamba hasemi kweli, kwani hakuna anayeshtakiwa kwa kipande cha nyama. Wifi alisema kwa sauti ya chini na ya kawaida, kama mtu anayetoa hukumu. Utani hujitangaza, dhihaka hujificha ndani ya maneno ya kawaida.

Tuje kwenye uso. Shemeji alimtazama anayemtania, lakini wifi aliwatazama wengine, akitafuta watakaomuunga mkono. Tuangalie pia macho. Mwaka 1862 daktari Mfaransa aitwaye Duchenne aliandika kwamba mdomo waweza kutabasamu kwa kuamriwa, lakini misuli inayozunguka macho husogea kwa furaha ya kweli. Hata hivyo, baadaye imeonekana kwamba wapo wanaoweza kuiigiza hata misuli hiyo, na wapo waliozoea kutania wakiwa wamekaza uso. Kwa hiyo uso peke yake hautoshi.

Hapo ndipo historia ya watu wawili inapoamua. Shemeji na mama huyu wametaniana tangu siku ya harusi, na kila mmoja ana zamu yake. Shemeji huyohuyo ndiye aliyekesha naye mtoto alipolazwa. Lakini wiki mbili kabla ya sikukuu, wifi aliomba mkopo wa ada, na mama akamwambia hana. Tangu hapo hawajazungumza vizuri. Neno "bahili" kwa shemeji ni mchezo wa makabila; kwa wifi ni deni la kinyongo lililovishwa nguo ya utani. Utani hukwepa kidonda kibichi, lakini dhihaka hukitafuta.

Bado tunaweza kukosea. Huenda wifi alipitiwa tu, na hakukumbuka mkopo. Njia ya kujua ni kujibu kwanza kwa utani: "Na Mchaga je, ameacha lini kuhesabu?" Mtani atafurahi, kwa kuwa utani ni wa kupokezana. Mwenye dhihaka atakasirika, au atajifanya hakusikia. Ikiwa bado hatuna hakika, tumwite pembeni na kumwambia, "Wifi, lile neno la jikoni limeniuma." Kisha tungoje. Anayetupenda ataomba radhi, na neno hilo hatalirudia. Mwingine atasema, "Wewe hujui utani," na kesho atalisema tena mbele ya wageni. Jibu hilo, zaidi ya neno la kwanza, ndilo linaloonyesha moyo wake.

Nasi tunaotania tujipime vilevile. Kicheko cha tunayemtania si ushahidi kwamba amefurahi. Bibi arusi mgeni hucheka kwa aibu. Mtoto hucheka asionekane mnyonge. Tutazame kama anajibu, au anacheka tu huku ameinamisha kichwa na mikono ikichezea kitambaa. Kama hana uwezo wa kuturudishia neno, kwa umri au kwa cheo chake nyumbani, hajawa mtani wetu bado. Mtani ni yule anayeweza kututania nasi tukacheka.