Kipaza Sauti Kinapomfikia Bwana Harusi

Keki imekatwa, wakwe wamekabidhiwa ya kwao, chakula kimeliwa. Mshereheshaji anasema, "Sasa tumsikie bwana harusi." Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Wanaanza kushukuru kamati, mpambaji na mpiga picha, na wakifika kwa wakwe wageni wanatafuta funguo za magari. Kamati ina mwenyekiti wake wa kuisemea. Dakika tatu za bwana harusi ni za ukweni na za mkewe.

Nilikuwa mshenga wa kijana wa Kisukuma aliyeoa Mluguru, Morogoro. Siku mbili kabla ya harusi alinisomea alichoandika. Kilikuwa kizuri, ila alimshukuru baba mkwe peke yake. Nikamkumbusha jinsi mazungumzo ya posa yalivyokwenda: nani alikuwa akijibu? Kwa Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ana kauli nzito katika ndoa ya mpwa wake. Kumpita mjomba kimya mbele ya ukumbi mzima kungekuwa jeraha la miaka. Nikamwomba pia afute maneno "nimemaliza mahari". Mambo ya mahari huzungumzwa kwenye mkeka, na ukiyataja ukumbini unamfanya binti wa watu aonekane amenunuliwa.

Usiku ule alisimama, akafunga kifungo cha koti, akageukia meza ya wakwe.

"Baba, Mama, Mjomba, shikamooni. Mjomba, nilipokuja mara ya kwanza ulinisikiliza mpaka mwisho, ingawa sauti ilikuwa inanitetemeka. Asante. Baba, asante kwa kuniita mwanangu kabla sijawa. Mama, nilileta mkaja, lakini najua hakuna kitambaa kinacholingana na uchungu wako. Nimepata wazazi wengine, na mlango wangu ni wenu."

Mkaja ni zawadi ya mama mzazi, ukumbusho wa kitambaa alichojifunga tumboni baada ya kujifungua. Alipoutaja, mama mkwe aliinamisha uso kwenye khanga, na mashangazi wakapiga vigelegele.

Kisha akamgeukia mkewe. Hapa wengi hukimbilia "malkia wangu" na "ua la moyo wangu", maneno ambayo bibi harusi yeyote angeweza kuambiwa. Yeye alichagua jambo moja.

"Mke wangu, nilipolazwa mwaka jana ulipanda basi la alfajiri ukaja na uji kwenye chupa ya chai. Ulikuwa bado wa moto. Siku ile ndipo nilipoamua. Asante kwa kunikubali."

Hakuongeza neno. Alirudisha kipaza sauti na kuketi. Mjomba alikwishanyanyuka kwenye kiti chake, kofia mkononi, anakuja meza kuu kumpa mkono.