Nguvu ya Mshiko na Lishe ya Mzee Aliyelazwa

Mgonjwa mzee aliyelazwa kwa sababu moyo umeshindwa kusukuma damu vizuri anaweza kupanda mizani akaonekana hajapungua hata kilo moja. Kumbe nyama zimekwisha, na kilichoshika nafasi yake ni maji yaliyojaa miguuni na tumboni. Uzito ukidanganya hivyo, mtaalamu wa lishe huangalia pia nguvu ya misuli, na njia nyepesi ya kuipima ni kumpa mgonjwa kifaa kiitwacho dainamomita akibane kwa kiganja.

Mwili ukikosa chakula cha kutosha, msuli hupoteza nguvu kabla haujasinyaa kiasi cha kuonekana kwa macho, kwa kuwa kila unapojikunja unahitaji nishati, na nishati ndiyo iliyopungua. Mgonjwa akianza kula vizuri, nguvu hurudi mapema kuliko nyama. Hata hivyo, homa kali, maambukizi na kulala kitandani siku nyingi hudhoofisha mshiko vilevile. Kwa hiyo mshiko dhaifu peke yake hauthibitishi utapiamlo. Unamtaka mhudumu aulize: mzee amekula nini wiki hii, na nguo zake zimeanza kumpwaya tangu lini?

Mshiko huhesabiwa kuwa dhaifu kuanzia wapi? Kundi la wataalamu wa Ulaya wanaoshughulikia kudhoofika kwa misuli uzeeni lilichapisha mipaka yake mwaka 2019: chini ya kilo 27 kwa mwanamume na chini ya kilo 16 kwa mwanamke. Wenzao wa Asia, mwaka huohuo, waliweka 28 na 18. Mipaka ya Ulaya ilitokana na vipimo vya Waingereza, ambao vijana wao wa kiume walifikia wastani wa kilo 51. Uchambuzi wa mwaka 2016 ulionyesha kuwa wastani katika nchi zinazoendelea uko chini zaidi. Ndiyo maana naona si haki kumhukumu mzee wa Dodoma au Kisumu kwa kilo moja pungufu ya mpaka uliochorwa kwingine.

Makosa mengi lakini hutokea mgonjwa anapopimwa, wala si kwenye mipaka. Tumchukue mama wa mfano, miaka 76, moyo dhaifu, miguu imevimba. Kwenye faili lake imeandikwa mshiko 29, na kwa mpaka wowote ule hana tatizo. Lakini mtaalamu wa lishe anamwona akihangaika kufungua chupa ya maji, anaamua kumpima upya.

Anamketisha kwenye kiti chenye egemeo na mikono, nyayo zikigusa sakafu. Mkono wa mama unalala juu ya mkono wa kiti, kiwiko kimekunjwa, kidole gumba kikitazama juu. Mpini wa kifaa anauweka kwenye nafasi ya pili kati ya tano, kisha anakishikilia kifaa kwa chini ili uzito wake usimwelemee.

“Mama, bana kwa nguvu zako zote. Bana, bana, usiache!”

Anabana mpaka mshale unakoma kupanda. Kulia, kushoto, mara tatu kila mkono, na linaandikwa tokeo kubwa kuliko yote: kilo 13. Ile 29 ilikuwa imesomwa kwenye safu ya paundi, kwa sababu uso wa kifaa una safu mbili za namba, na paundi 29 ni kama kilo 13 tu. Mama huyu alikuwa anapitwa na msaada wa lishe kwa kosa la jicho.

Kosa jingine ni kusahau kurudisha sifuri mshale unaobaki palipofika nguvu ya juu. Mgonjwa dhaifu akibana, mshale haujongei, naye anaandikiwa nguvu za jirani yake. Dalili yake ni matokeo yanayofanana kabisa mara zote tatu. Mgonjwa akipimwa amelala, au mkono una sindano ya dripu, namba huweza kushuka bila sababu ya lishe. Mkao huo uandikwe, na apimwe hivyohivyo siku nyingine. Mwenye baridi yabisi ya vidole, au asiyeelewa maelekezo kwa kuchanganyikiwa, asipimwe hivi kabisa.

Mama anaongezewa mayai, maziwa na uji uliotiwa karanga, kwa idhini ya daktari wa moyo. Baada ya siku kumi anabana kilo 15. Inafurahisha, lakini badiliko lililo chini ya kilo 5 hivi linaweza kutokana na upimaji wenyewe. Mtaalamu anaiandika namba hiyo bila kuandika “amepona”, halafu anakwenda kuangalia sahani ya mchana imebaki na nini.